Kuuliza swali kwa Kiingereza: "does" inaingia lini, inatoka lini

Kwa Kiswahili tunasema "Basi linaondoka saa ngapi?" Tukitanguliza "sijui", maneno yanabaki palepale: "Sijui basi linaondoka saa ngapi." Kiingereza hupanga sentensi hizi mbili kwa namna tofauti, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama. Tuifuate sentensi moja mpaka mwisho.

Hatua ya 1: andika taarifa kwanza, si swali.

```
The bus leaves at six.
```

(Hiyo "six" ya alfajiri ni saa kumi na mbili yetu. Usije ukalikosa basi.)

Hatua ya 2: tafuta kitenzi kisaidizi, kama vile "is", "can", "will" au "has". Kikiwepo, kirushe mbele ya kiima: "The bus will leave" inakuwa "Will the bus leave?" Hapa kwetu hakipo, kwa hiyo tunaazima "do". Sasa iangalie vizuri ile "s" ya "leaves": inahamia kwenye "do", na kitenzi kinabaki kitupu.

```
Does the bus leave at six?
```

Wakati uliopita hufuata njia hiyohiyo. "Did" inaubeba wakati, kwa hiyo "Did the bus left?" ni kosa, maana wakati umetajwa mara mbili. Sema "Did the bus leave?"

Hatua ya 3: ondoa jibu, weka neno la kuulizia mwanzoni kabisa.

```
What time does the bus leave?
```

Hatua ya 4: sasa uko dirishani pa kukatia tiketi na unataka kuuliza kwa adabu. Aliyeshika vizuri hatua ya 3 ndiye hukosea hapa, kwa sababu anaibeba "does" mpaka ndani: "Can you tell me what time does the bus leave?" Swali ni moja tu, nalo ni "Can you tell me", ambalo tayari limeshapinduliwa. Kilichomo ndani kinarudi kwenye mpangilio wa taarifa: "does" inatoka, na "s" inarudi kwa mwenyewe.

```
Can you tell me what time the bus leaves?
```

Kama swali la ndani ni la ndiyo au hapana, "kama" yetu inakuwa "if" au "whether": "Do you know if the bus leaves at six?"

Ukitaka kujihakiki, kitafute kiima cha ndani. Kikifuatwa na kitenzi chake, "the bus leaves", uko sawa. Kikitanguliwa na "does" au "is", rudi urekebishe.

Kuna swali moja lisilohitaji "do" tangu mwanzo, nalo ni pale "who" yenyewe inapokuwa kiima. "Nani alimpigia Juma?" ni "Who called Juma?", lakini "Juma alimpigia nani?" ni "Who did Juma call?" Ukiliingiza lile la kwanza ndani ya sentensi nyingine, halibadiliki hata neno moja: "I don't know who called Juma." Hii inaishia na nukta, kwa sababu sentensi ya nje haiulizi kitu.