Bajeti ya kongamano kwa shilingi na dola: ikaguliwe vipi kabla ya kutiwa saini

Nililetewa bajeti ya kongamano la siku mbili hapa mjini Unguja. Wajumbe 45: 30 wa hapa hapa, 15 wanavuka kutoka Pemba. Mfadhili anatoa dola, hoteli na boti wanadai shilingi. Karatasi ilikuwa safi, lakini jumla ilikuwa pungufu kwa shilingi 450,000. Nitaeleza nilivyoiona.

Hatua ya 1: Soma masharti ya punguzo. Kikokotoo kiweke kando kwanza. Profoma ya hoteli ilisema hivi: ukumbi na chakula ni 60,000 kwa mtu kwa siku, na punguzo la asilimia 10 wakifika watu 40. Chumba ni 110,000 kwa usiku, bila punguzo. Nauli ya boti, kwenda na kurudi, tuliipanga 80,000. Kwa hiyo punguzo ni la ukumbi na chakula peke yake. Aliyeandaa bajeti alijumlisha vyote, akapata 9,900,000, kisha akakata asilimia 10 chini kabisa. Boti nayo ikapewa punguzo ambalo mwenye boti hajalisikia!

Hatua ya 2: Jumlisha kwa vitu, kwa shilingi tu. Bei baada ya punguzo ni 54,000. Mara siku 2, mara watu 45, ni 4,860,000. Vyumba: watu 15, kila mmoja chumba chake, wanalala mara mbili, 3,300,000. Boti 1,200,000. Jumla 9,360,000.

Hatua ya 3: Jumlisha tena, safari hii kwa watu. Hapa ndipo makosa hujitokeza, maana njia hii haipiti kule ulikopita mwanzo. Mjumbe wa Unguja anagharimu 108,000. Wa Pemba ni 108,000, na 220,000 za chumba, na 80,000 za boti: 408,000. Watu 30 wa kwanza ni 3,240,000, na 15 wa pili ni 6,120,000. Ukijumlisha, 9,360,000 ile ile. Zisipolingana hata kwa shilingi moja, usiendelee. Wala usigawe jumla kwa 45 ukaiita gharama ya mtu mmoja. Utapata 208,000, na hakuna mjumbe hata mmoja anayegharimu kiasi hicho.

Hatua ya 4: Dola mwisho. Kiwango cha kubadilisha dola kiandike mahali pamoja tu kwenye lahajedwali, tuseme seli B1, na kila mstari wa dola ukitegemee. Ikiwa shilingi ziko safu ya E:

```
=E5/$B$1
```

Kwa kiwango cha 2,500, jumla ni dola 3,744. Usikate desimali kwenye bei ya mtu. Bei ya 54,000 ni dola 21.60, ukiandika 22 halafu ukazidisha kwa siku 2 na watu 45, unapata 1,980 badala ya 1,944. Senti arubaini zimezaa dola 36. Ukitaka namba nzima, ikate kwenye jumla ya mwisho, na uipandishe juu, isishuke.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Wete:* Asalaam aleikum mwalimu. Kiwango gani hasa, cha kununua au cha kuuza?

Waaleikum salaam. Benki ndiyo itakayonunua dola zetu, basi ni bei yake ya kununua. Watu wengi huandika ile kubwa kwa sababu inafanya bajeti ionekane ndogo. Chukulia benki imetupa 2,440: zile dola 3,744 zinakuwa shilingi 9,135,360, na tumepungukiwa 224,640. Kwa kiwango hicho tulipaswa kuomba dola 3,837.

*Mwanachama, Chake Chake:* Tukiweka kiwango cha chini ili tuwe salama, si tunamdanganya mfadhili?

Hapana, bibie, mradi kiwango na tarehe yake vimeandikwa juu ya bajeti. Udanganyifu ni kutumia viwango viwili ndani ya karatasi moja. Utaujua ukigawa shilingi kwa dola mstari kwa mstari: jibu lazima liwe moja kote.

*Mwanachama, Mwanakwerekwe:* Wakija 39 tu itakuwaje?

Swali zuri, shekhe wangu. Watu 39 bila punguzo ni 4,680,000. Watu 40 wenye punguzo ni 4,320,000. Yaani pungufu ya mtu mmoja inaongeza gharama kwa 360,000. Hata kulipia viti 43, vinne vikiwa vitupu, ni 4,644,000, bado nafuu. Kwa hiyo muulize meneja kabla ya kusaini: punguzo linahesabiwa kwa idadi tuliyoagiza, au kwa watakaoketi? Jibu lake liandikwe kwenye mkataba.

*Mwanachama, Wete:* Na wakizidi 45?

Kila wa Unguja anayezidi ni 108,000, wa Pemba 408,000. Ndiyo sababu nikataka zile bei mbili zibaki mbili.