Ioni zipi zimeungana, zipi zimebaki majini: kuandika mlinganyo halisi wa ioni

Ukimimina haidroksidi ya sodiamu kwenye mmumunyo wa salfati ya shaba, papo hapo linatokea wingu zito la buluu hafifu, laini kama jeli, kisha linaanza kushuka taratibu. Hayo ni mashapo ya haidroksidi ya shaba. Kuna ioni zilizoungana kuyatengeneza, na kuna nyingine zilizokuwemo tangu mwanzo ambazo hazikufanya lolote. Mlinganyo halisi wa ioni huonyesha zile za kwanza tu. Zile za pili huitwa ioni tazamaji. Tutafuata tendo hili moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Andika mlinganyo kamili na uusawazishe.

```
CuSO4 + 2NaOH → Cu(OH)2 + Na2SO4
```

Sawazisha sasa, kabla ya kutenganisha chochote. Anayeahirisha kazi hii hujikuta na idadi ya ioni zisizolingana, halafu hajui kosa limeanzia wapi.

Hatua ya 2: Weka hali ya kila kitu.

Alama (aq) maana yake kitu kimemumunyika majini, (s) ni kigumu, (l) ni kimiminika na (g) ni gesi. Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, kwa hiyo usiharakishe. Chumvi zote za sodiamu utakazokutana nazo kwa sasa humumunyika, vivyo hivyo za potasiamu na amoniamu, na nitrati zote. Salfati nyingi humumunyika, lakini ya bariamu na ya risasi hazimumunyiki. Haidroksidi nyingi hazimumunyiki, ila ya sodiamu, ya potasiamu na ya bariamu humumunyika. Kwa sheria hizo chache tunapata:

```
CuSO4(aq) + 2NaOH(aq) → Cu(OH)2(s) + Na2SO4(aq)
```

Kama upande wa kulia hakuna mashapo, gesi, maji wala asidi au besi dhaifu iliyoundwa, ishia hapa. Changanya kloridi ya sodiamu na nitrati ya potasiamu, kwa mfano: ioni zote nne zitabaki zinaelea kama zilivyokuwa. Hakuna tendo, basi hakuna mlinganyo wa kuandika.

Hatua ya 3: Tenganisha vilivyo (aq), viache vingine vizima.

```
Cu2+(aq) + SO4^2-(aq) + 2Na+(aq) + 2OH-(aq)
   → Cu(OH)2(s) + 2Na+(aq) + SO4^2-(aq)
```

Itazame Na2SO4 kwa makini, maana wanaoanza wengi hukwama hapo. Ile 2 ndogo iliyo chini ya Na inasema kuna ioni mbili za sodiamu, kila moja na chaji yake ya +1. Ikitenganishwa inahamia mbele na kuwa 2Na+. Haiwi Na2+, kwani ioni ya namna hiyo haimo kwenye mmumunyo huu. Ile 4 ya SO4 ni habari nyingine: oksijeni nne zimefungwa na salfa moja ndani ya ioni moja, na majini zinabaki pamoja. Kwa hiyo salfati haivunjwi kuwa salfa na oksijeni.

Haidroksidi ya shaba tumeiacha nzima kwa sababu ni mashapo. Ioni zake haziko huru tena ndani ya maji.

Hatua ya 4: Futa zilizo sawa pande zote mbili.

Ioni inafutwa ikiwa haijabadilika kwa chochote: fomula ileile, chaji ileile, hali ileile. 2Na+ iko kushoto na kulia, inatoka. SO4^2- nayo inatoka. Hizo mbili ndizo ioni tazamaji. Kinachobaki ni hiki:

```
Cu2+(aq) + 2OH-(aq) → Cu(OH)2(s)
```

Hatua ya 5: Hesabu atomi, kisha hesabu chaji.

Kushoto chaji ni +2 na −2, jumla sifuri. Kulia ni sifuri. Chaji si lazima iwe sifuri katika kila mlinganyo, ila ni lazima ilingane pande zote mbili. Ungesahau ile 2 ya OH-, kushoto ungepata +1 na kulia sifuri, na kosa lingejitokeza lenyewe.

Je, ioni tazamaji kweli zimo?

Zimo, na unaweza kuthibitisha ukiwa maabara. Vaa miwani ya kinga, kwani haidroksidi ya sodiamu huunguza macho na ngozi. Chukua mililita 10 za salfati ya shaba yenye moli 0.1 kwa lita. Kwa mujibu wa mlinganyo, kila ioni ya shaba inahitaji haidroksidi mbili, hivyo mililita 20 za haidroksidi ya sodiamu ya kiwango hichohicho zinatosha kabisa. Weka 22 na ukoroge vizuri. Ziada hiyo ina sababu: besi ikipungua, sehemu ya salfati hunaswa ndani ya mashapo, nayo huelekea rangi ya kijani. Hapo salfati si tazamaji tena, na mlinganyo wetu hausemi ukweli wote.

Chuja. Mashapo ya buluu yanabaki kwenye karatasi, na maji yanayopita hayana rangi, kwa sababu ioni za shaba ndizo zilizokuwa zikiyapa ule ubuluu. Weka kiasi cha maji hayo kwenye testityubu, tia asidi ya haidrokloriki hafifu hadi besi iliyobaki iishe, kisha matone machache ya kloridi ya bariamu, ambayo ni sumu, basi usiiguse. Yakitokea mashapo meupe, hiyo ni salfati ya bariamu: salfati ilikuwemo muda wote. Sodiamu nayo utaitambua kwa rangi ya manjano kali inayotia kwenye mwali wa moto.

Badilisha kitu kimoja tu

Sasa weka haidroksidi ya bariamu mahali pa ile ya sodiamu. Wengi hukimbilia kuandika mlinganyo uleule wa juu na kusema bariamu na salfati ni tazamaji. Rudi hatua ya 2: salfati ya bariamu haimumunyiki.

```
Cu2+(aq) + SO4^2-(aq) + Ba2+(aq) + 2OH-(aq)
   → Cu(OH)2(s) + BaSO4(s)
```

Hakuna cha kufuta. Ioni zote nne zimeshiriki. Utazamaji si tabia ya ioni fulani; unategemea imekutana na nani.

Mtego mwingine ni kudhani kwamba kila chenye (aq) hutenganishwa. Asidi ya haidrokloriki hutengana kabisa majini, kwa hiyo ikikutana na haidroksidi ya sodiamu tunaandika:

```
H+(aq) + OH-(aq) → H2O(l)
```

Tazamaji hapo ni Na+ na Cl-. Lakini asidi ya asetiki ni dhaifu. Imemumunyika, ndiyo, ila molekuli zake nyingi ziko nzima, kwa hiyo nayo inaandikwa nzima:

```
CH3COOH(aq) + OH-(aq) → CH3COO-(aq) + H2O(l)
```

Tazamaji ni Na+ peke yake. Chaji kushoto ni −1, na kulia ni −1.