Somo: bei mpya ianze Jumatatu saa 1 asubuhi, Makambako hata Tunduma

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye makao makuu Mbeya mjini na matawi Tukuyu, Makambako na Tunduma. Mfuko wa saruji unauzwa 17,500. Ijumaa mchana bosi anaamua kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025, saa 1 asubuhi, utauzwa 18,200. Njia ambayo wengi wanaitumia ni kusubiri Jumatatu ifike ndipo mtu wa ofisini abadilishe bei na kuituma. Siku hiyo mtandao ukilala Makambako, tawi zima linauza kwa bei ya zamani hadi jioni. Dawa ni kutuma bei mapema ikiwa na saa yake ya kuanza, kisha kila duka liiwashe lenyewe hata kama halina mtandao.

Hatua ya kwanza: usifute bei ya zamani. Jedwali la bei liwe la kuongeza tu, kila badiliko mstari wake, wenye bidhaa, duka, bei, muda wa kuanza na namba ya toleo inayotolewa na makao makuu. Bosi akighairi Jumapili, hugusi mstari uliokwisha kutumwa. Unaandika mwingine wenye muda uleule wa kuanza, bei ya 17,500 na toleo kubwa zaidi.

Hatua ya pili: andika muda kwa UTC. Tanzania iko saa tatu mbele mwaka mzima, kwa hiyo saa 1 asubuhi ni 07:00 kwenye kompyuta, na kwa UTC ni `2025-11-03T04:00:00Z`. Hapa ndipo watu wanapoteleza: karani akiambiwa “saa moja” anaandika 01:00, na bei inaanza usiku wa manane. Mimi huweka kwenye fomu maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku, programu ifanye hesabu yenyewe.

Hatua ya tatu: duka livute mabadiliko. Kila baada ya dakika chache kompyuta ya tawi inaiuliza seva, “nina toleo 411, kuna jipya?” Ikipokea 412, inaingiza mistari yote kwa mkupuo mmoja, au isiingize hata mmoja. Kisha inarudisha taarifa kwamba imefika 412. Taarifa hiyo ndiyo roho ya mpango wote. Jumamosi jioni unaangalia orodha: Makambako 412, Tunduma 412, Tukuyu bado 411. Makambako hata mtandao ukikatika Jumapili, huna wasiwasi nao. Tukuyu unawapigia simu mapema, wapokee faili kwa flashi au bei iingizwe kwa mkono chini ya namba ileile ya toleo.

Hatua ya nne: kaunta ichague bei wakati wa kuuza.

```sql
SELECT bei, toleo FROM bei_orodha
WHERE bidhaa = :b AND duka = :d
  AND inaanza_utc <= :sasa
ORDER BY inaanza_utc DESC, toleo DESC
LIMIT 1;
```

Kwenye mauzo hifadhi bei pamoja na toleo lililotumika. Mteja akirudi na risiti, hakuna ubishi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mafinga:* Mwalimu, nimefuata yote kwa SQLite, lakini bei ya Jumatatu imeanza Jumanne saa 9 usiku. Shida nini?

Nadhani kwenye `:sasa` umeweka `datetime('now')`. Hiyo inatoa nafasi katikati ya tarehe na saa, wakati mistari yako ina herufi T. SQLite inalinganisha maandishi, na T inahesabika kubwa kuliko nafasi, kwa hiyo mstari wa leo unaonekana bado haujafika mpaka tarehe ya UTC ibadilike, ambayo kwetu ni saa 9 usiku. Tumia hii:

```sql
strftime('%Y-%m-%dT%H:%M:%SZ','now')
```

*Kutoka Tunduma:* Kompyuta yetu betri ya ndani imekufa, umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma. Itakuwaje?

Itauza kwa bei za kale, au isipate bei kabisa. Badilisha betri, ni kitu cha bei ndogo, na uwashe ulinganishaji wa saa kwa mtandao. Ila weka na kizuizi: saa ya sasa ikiwa nyuma ya risiti ya mwisho, kaunta igome kuuza hadi msimamizi arekebishe.

*Kutoka Njombe:* Shikamoo mwalimu. Fundi alichukua profoma Ijumaa kwa 17,500, amekuja kulipa Jumanne. Tumtoze ipi?

Marahaba. Hilo ni la bosi, si la programu. Programu ihifadhi kwenye profoma bei, toleo na tarehe ya mwisho. Ikiwa haijaisha, kaunta isome bei ya profoma na isiende kwenye jedwali kabisa. Ikiwa imeisha, ni 18,200.