Jinsi ya kuupata mstari wa kwanza uliokosewa kwenye picha ya hesabu ya mwanafunzi

Juzi usiku msichana wa sekondari anayeishi Ahero alinitumia picha ya hesabu kwa WhatsApp, chini yake ameandika: "Mwalimu, jibu la kitabu ni 13, mimi napata 17. Nimerudia mara tatu." Nilipomaliza naye niliona heri niandike njia ninayotumia, maana wazazi na walimu wenzangu wa tuisheni hapa Kisumu huniuliza swali hilo hilo.

Hatua ya 1: Picha

Ukurasa wote uonekane, pamoja na swali lenyewe kutoka kitabuni. Apige karibu na dirisha, kivuli cha simu kisiangukie daftari. Akituma kama Document, picha haipunguzwi ubora.

Hatua ya 2: Nakili kila mstari kwa mkono, kwenye karatasi

Sisahihishi nikiangalia kioo cha simu, na sipendi kabisa kuchorachora juu ya picha kwa kidole. Nachukua kalamu na karatasi, nanakili kila mstari jinsi ulivyo, makosa yakiwemo, na kila mstari naupa namba. Mkono unapoandika, jicho hulazimika kuiona kila alama.

Kinachopotea zaidi kwenye picha ni alama ya kutoa. Mwanafunzi akiiandika juu kabisa ya mstari wa buluu wa daftari, kwenye picha haionekani. Mwaka jana nilimwandikia kijana mmoja maelezo ya ukurasa mzima kuhusu alama aliyoisahau, naye akanijibu kwa upole kwamba ameiandika. Nilipokuza picha niliiona, imelala juu ya mstari. Tangu siku hiyo, palipo na shaka namwuliza mwenyewe, "Hapa umeandika nini?" kabla sijasema lolote. Ndivyo ninavyofanya pia kwa 1 na 7, na kwa maneno yaliyokatwa: je, amekata yote au nusu?

Hesabu ya yule msichana niliinakili hivi:

```
1)  (x + 3)/2 - (x - 1)/3 = 4
2)  3(x + 3) - 2(x - 1) = 24
3)  3x + 9 - 2x - 2 = 24
4)  x + 7 = 24
5)  x = 17
```

Linganisha mstari wa 1 na swali la kitabu. Wengi hukosea kwenye kunakili swali, kisha wanafanya hesabu safi kabisa ya swali lingine.

Hatua ya 3: Pitisha jibu kwenye kila mstari

Hapa ndipo pa kukaa. Ukisoma kwa macho tu, utausoma mstari wa 3 ukaona uko sawa, kwa sababu unafanana sana na ulio sawa. Afadhali namba ziseme.

Chukua jibu sahihi, 13, uliweke mahali pa x kuanzia juu. Mstari wa 1: 16 kwa 2 ni 8, 12 kwa 3 ni 4, 8 kutoa 4 ni 4. Sawa. Mstari wa 2: 3 mara 16 ni 48, 2 mara 12 ni 24, inabaki 24. Sawa. Mstari wa 3: 39 + 9 − 26 − 2 ni 20, na upande wa pili unadai 24. Hapa pamekatika. Kosa lilitokea alipotoka mstari wa 2 kwenda wa 3.

Sasa fanya kinyume: chukua jibu la mwanafunzi mwenyewe, 17, upande nalo kutoka chini. Mstari wa 4: 17 + 7 ni 24. Mstari wa 3: 51 + 9 − 34 − 2 ni 24. Mstari wa 2: 60 kutoa 32 ni 28, si 24. Pamekatika pale pale. Maana yake kosa ni moja tu, na kazi yake yote baada ya mstari wa 3 ni safi. Hilo mwambie mtoto, kwa sababu anadhani ukurasa wote umeharibika. Njia hii ya kupanda haihitaji ujue jibu sahihi, kwa hiyo mzazi aliyesahau hesabu za mlinganyo anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu.

Jibu sahihi likishuka linakuonyesha kosa la kwanza. Jibu la mwanafunzi likipanda linakuonyesha kosa la mwisho. Yasipokutana mahali pamoja, makosa ni mawili au zaidi. Anza na la juu.

Angalia mitego mitatu. Wa kwanza: jibu sahihi halithibitishi njia. Tuseme msichana huyu, baada ya mstari wa 3 mbovu, angejumlisha 9 na 2 akaandika x + 11 = 24. Angepata 13, sawa na kitabu, kwa makosa mawili yaliyofutana. Ndiyo sababu napima kila mstari hata jibu likiwa sawa.

Wa pili: mlinganyo wenye majibu mawili upimwe kwa yote mawili. Mwanafunzi akigawanya x² = 5x kwa x na kubaki na x = 5, ile 5 itapita kila mstari bila tatizo. Ukiweka 0 ndipo utaona kwamba mstari wa pili umelitupa jibu moja.

Wa tatu: kama kazi ni kurahisisha tu, haina jibu la x, chagua namba yako mwenyewe, lakini usichague 0, 1 wala 2. Aliyeandika (x + 3)² kuwa x² + 9 atapita ukiweka 0. Aliyechanganya x² na x atapita ukiweka 1, na aliyechanganya x² na 2x atapita ukiweka 2. Mimi hutumia 7.

Hatua ya 4: Sahihisha mstari huo mmoja

Usimwandikie hesabu yote upya. Nilimwambia, "Mstari wa 2 uko sawa. Angalia −2 inapoingia kwenye mabano." Hakuona. Basi nikamwuliza: una shilingi 100, unanunua mandazi mawili ya shilingi 10, na mama anayeuza anakupunguzia shilingi moja kwa kila moja. Unabaki na ngapi? Akajibu 82. Nikamwambia aiandike: 100 − 2(10 − 1). Kwa njia yake ya mstari wa 3 inakuwa 100 − 20 − 2, yaani 78. Kile kipunguzo amekilipa tena badala ya kurudishiwa. Dakika mbili baadaye akatuma picha: 3x + 9 − 2x + 2 = 24, x + 11 = 24, x = 13.

Hatua ya 5: Mpe mbili, si moja

Mwanafunzi aliyetoka kusahihishwa hapa huanza kugeuza kila alama baada ya mabano kuwa ya kujumlisha. Kwa hiyo nilimpa hizi pamoja:

```
20 - 3(x - 4) = 5
20 - 3(x + 4) = 5
```

Ya kwanza alipata 9, sawa. Ya pili aliandika 20 − 3x + 12 = 5, akapata 9 tena. Nikamwambia airudishe ile 9 kwenye swali mwenyewe, apande kutoka chini.