Somo: Kwa nini salio la akaunti halilingani na salio linaloweza kutumika baada ya kuweka hundi

Swali hili limeulizwa tena na wanachama kadhaa, kila mmoja akijibiwa kivyake, kwa hiyo nimeona niliandikie somo moja ambalo tutaelekezana kwalo. Nazungumzia hundi ya benki nyingine iliyowekwa katika akaunti ya hapa Kenya, kwa kuwa hapo ndipo tofauti huwa kubwa.

Hatua ya 1. Kumbuka ulichoweka: fedha taslimu zilizohesabiwa kaunta hutumika papo hapo, hundi hungoja.

Hatua ya 2. Soma masalio yote mawili. Lililoandikwa *Book Balance* au *Actual Balance* ni jumla ya yote yaliyoandikwa katika daftari la benki, na *Available Balance* ni kiasi ambacho benki iko tayari kukulipa sasa hivi.

Hatua ya 3. Toa dogo katika kubwa, kisha utafute kinachoeleza tofauti yote. Tuseme salio la akaunti ni shilingi 222,000 na linaloweza kutumika ni 41,000. Tofauti ni 181,000, ilhali hundi uliyoweka ni ya 180,000. Ile 1,000 iliyobaki haikupotea. Katika akaunti hii ndicho kiwango cha chini ambacho benki inataka kisitolewe. Ukibakiwa na kiasi usichoweza kukieleza, hapo ndipo uende tawini kuuliza, ukiwa na stakabadhi mkononi.

Hatua ya 4. Hesabu siku za kazi, na hapa ndipo wengi huumia. Tangu mwaka 2011 hundi yenyewe haisafirishwi: benki yako huipiga picha na kuituma kwa mtandao kwa benki ya mwandikaji, ambayo hukagua sahihi, tarehe, kiasi kilichoandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, na kama akaunti ina fedha. Ikikubaliwa, fedha hufunguliwa siku ya kazi inayofuata, mara nyingi mwishoni mwa siku hiyo. Hesabu hiyo huanza tu ikiwa hundi ilifika kabla ya saa ambayo tawi hufunga kazi ya hundi. Hundi yetu ya 180,000 ikiwekwa Ijumaa jioni baada ya saa hiyo, huhesabiwa kuwa ya Jumatatu, na fedha hutumika Jumanne. Kama mkopo wako hukatwa 60,000 Jumatatu asubuhi, benki itatazama 41,000, malipo yatakataliwa na utatozwa ada, ingawa skrini inaonyesha 222,000.

Onyo: ujumbe wa simu unaosema akaunti yako imeingiziwa fedha si uthibitisho kwamba hundi imelipwa. Wako matapeli ambao huweka hundi katika akaunti ya muuzaji, humwonyesha ujumbe huo, huchukua bidhaa na kuondoka. Hundi ikirudishwa, benki hufuta maingizo yake na muuzaji hana bidhaa wala fedha. Usitoe mzigo mpaka salio linaloweza kutumika lipande kwa kiasi cha hundi.

Maswali ya wanachama

Fundi_Thika: Benki imeniibia 75,000. Niliweka jana, leo haitoki. Nifanye nini?

Mwandishi: Uliweka hundi au fedha taslimu, na saa ngapi? Hatua ya 1 na ya 4 zinauliza hayo. Bila majibu hayo siwezi kukusaidia, na si haki kuiita benki mwizi.

Fundi_Thika: Hundi. Saa kumi jioni.

Mwandishi: Basi subiri hadi kesho jioni.

Mama_Duka: Samahani mwalimu, kama fedha hazijapatikana, kwa nini benki inaziandika katika salio?

Mwandishi: Umeuliza vizuri, dada. Benki imepokea hundi kwako na lazima iwe na kumbukumbu ya siku iliyoipokea, kwa hiyo huiandika, kisha huizuia hadi benki ya pili ilipe. Katika taarifa ya akaunti tazama safu mbili za tarehe: moja ni siku ya kuandikwa, na ile ya *Value Date* ni siku ambayo fedha huhesabiwa kuwa zako. Tarehe hizo zikitofautiana, umepata maelezo ya salio lako.

Mhazini_wa_Chama: Kwetu salio linaloweza kutumika ndilo kubwa. Inawezekanaje?

Mwandishi: Bila shaka mna kibali cha kutoa zaidi ya mlicho nacho. Benki hujumlisha kibali hicho katika salio hilo, kwa hiyo kiondoeni kabla ya kuwasomea wanachama hesabu, la sivyo mtagawana deni.

Mkulima_Molo: Mnunuzi anataka kunipa hundi ya 1,200,000 ya viazi. Nitasubiri siku ngapi?

Mwandishi: Usiipokee, ndugu. Tangu mwaka 2009 hundi ya shilingi milioni moja au zaidi haipitishwi kati ya benki na benki. Mwombe alipe kwa RTGS, yaani benki yake ihamishe fedha moja kwa moja hadi benki yako bila hundi. Kwa njia hiyo fedha zikishaingia, hutumika siku ileile, na masalio yote mawili hupanda pamoja.