Kapsheni ya chombo cha kwanza bila kuonekana unajitutumua

Wanangu wa Mwanza mnaopiga picha na pikipiki mpya pale Jiwe la Bismarck, safi sana, ila "Mungu hamtupi mja wake" kila mtu anaandika na haimwambii mtu chochote kuhusu wewe. Andika mtu mmoja na kitu kimoja alichokufanyia, basi.

Mfano dogo mmoja wa Igoma, boda, alikuwa anaendesha ya mkataba, kamaliza hesabu sasa kadi imesoma jina lake. Mwanzo aliandika "Kimya kimya tunasogea, wenye wivu mjinyonge" nikamwambia sasa hapo shukrani iko wapi, umegombana na watu ambao hata hawapo 😂 Tukabadilisha ikawa: "Boxer imekuwa yangu leo. Mama, zile hela za dagaa wa Mwaloni ulizonipa nimalizie rejesho wiki niliyougua sijazisahau. Kesho nakupeleka Kirumba mwenyewe, nauli hulipi." Imeisha hiyo. Bei hajataja, na kwenye komenti ndugu wakamjaa mama yake kwa pongezi.

Kama aliyekusaidia hapendi mambo ya mitandaoni muulize kwanza, wengine hawataki ijulikane wana hela ya kukopesha, kesho wanapangiwa foleni mlangoni.

Halafu ile ya kushika kadi mkononi kwenye picha acha jamani, ina jina lako na namba ya chesesi, shika hata helmeti