Kona za msingi: 3, 4, 5 na vipimo viwili vya mshazari

Somo hili nimeliandika kwa sababu ya nyumba moja niliyoitwa kuiangalia upande wa Njoro. Msingi ulikuwa umechorwa kwa chokaa na vibarua walikuwa wameshika majembe. Mwenye nyumba aliniambia kona zote zimepimwa kwa 3, 4, 5. Kweli zilikuwa zimepimwa, lakini kwa sentimita 60, 80 na 100. Tulipovuta tepu kona kwa kona, mshazari mmoja ulitoka mita 13.26 na wa pili mita 13.14. Tofauti ya sentimita 12, na bado hakuna jembe lililopiga udongo. Ilikuwa bahati, maana kosa hilo likishakuwa ukuta, utalikuta tena kwenye taili za ukutani zinazokatwa kabari na kwenye mabati yasiyotaka kulala sawa.

Nyumba hiyo ni ya mita 10.5 kwa 8. Tuitumie yenyewe kama mfano.

Anza na mstari mmoja usioguswa tena. Mara nyingi ni ule wa mbele. Piga kigingi kona A na kingine kona B, kila kimoja na msumari mwembamba juu yake, mita 10.5 kutoka msumari hadi msumari. Kipimo kinashikwa kwenye msumari, si kwenye ubao wa kigingi, kwa sababu kigingi chenyewe kina unene wa sentimita tano na kila mtu atapimia mahali pake.

Sasa kona A. Kwenye kamba ya mbele, pima mita 4 kutoka msumari wa A utie alama. Vuta kamba ya pili kuelekea nyuma, nayo itie alama kwenye mita 3. Mwenzako aisogeze kamba hiyo ya nyuma kushoto au kulia mpaka umbali kati ya alama mbili uwe mita 5 kamili. Hapo kona ni digrii 90. Bila kuilegeza kamba, pima mita 8 kutoka A upate D. Fanya vivyo hivyo kwenye B upate C.

Kwa nini mita, si sentimita? Tuseme umekosea sentimita 1 tu kwenye kile kipimo cha 5. Kwa pembetatu ya mita 3, 4, 5, kona ya nyuma ya nyumba hii itakimbia kama sentimita 3. Kwa pembetatu ya 60, 80, 100, kosa lile lile la sentimita 1 litaikimbiza kama sentimita 17. Pembetatu ndogo haina kosa kimahesabu. Shida ni kwamba unaikuza kuliko uwezo wa jicho na tepu yako. Kiwanja kikiruhusu, tumia 6, 8, 10.

Hata ukifanya vizuri, 3, 4, 5 inakupa kona moja moja. Nyumba nzima inathibitishwa na mishazari. Pima A hadi C, halafu B hadi D, kwa tepu moja na watu wale wale wanaovuta kwa nguvu ile ile. Tepu ya mita 5 haifai hapa, kwa sababu kila unapounganisha vipimo unaongeza kosa. Azima ya mita 30.

Jua mapema jibu unalolitafuta. Kwenye simu, zidisha 10.5 kwa 10.5 upate 110.25. Nane kwa nane ni 64. Jumla 174.25, na kipeuo chake cha pili ni 13.20. Mishazari yote miwili inapaswa kusoma mita 13.20.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza: wanaona mishazari imelingana, wanachimba. Lakini umbo linaweza kuwa jembamba nyuma na bado mishazari yake ikalingana. Nyumba hii ingekuwa na mita 10.5 mbele na 10.4 nyuma, pande mbili zimeinama ndani sawasawa, mishazari yote miwili ingesoma 13.16. Inalingana, na nyumba haiko skweya. Kwa hiyo pima kwanza kama upande wa nyuma ni sawa na wa mbele, na kulia ni sawa na kushoto, ndipo mishazari iwe na maana.

Turudi Njoro. Pande zote nne zilikuwa sahihi, mishazari ndiyo iliyopishana. A hadi C ilikuwa ndefu, maana yake mstari wote wa nyuma umeegemea upande wa C. Dawa ni kuusogeza mstari wa nyuma, D na C kwa pamoja, kuelekea upande wa D. Kwa kiasi gani? Wengi husogeza nusu ya tofauti, yaani sentimita 6, na wanashangaa tofauti haijaisha. Sababu ni kwamba mshazari haulali sambamba na mstari unaousogeza. Kwa nyumba hii, kila sentimita 1 unayosogeza inapunguza mshazari mrefu kwa milimita 8 na kuongeza mfupi kwa milimita 8, hivyo tofauti inapungua sentimita 1.6. Gawa 12 kwa 1.6 upate 7.5. Tulisogeza sentimita 7.5, tukapima tena, tukapata 13.20 na 13.20. Mimi nikipata tofauti ya milimita 5 kwa nyumba ya ukubwa huu naridhika.

Mwisho, hamishia kamba kwenye profaili, yaani mbao zilizopigiliwa kwenye vigingi, zilizosimamishwa kama mita moja nje ya mtaro. Vigingi vya kona vitang'olewa na uchimbaji. Misumari ya profaili itabaki, na kona utaipata pale kamba mbili zinapokatana.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kiwanja changu kiko Riat, kina mteremko. Nilipima chini chini. Nimekosea?*

Ndiyo, mama. Tepu lazima ilale kama maji kwenye bakuli, si kufuata ardhi. Ardhi ikishuka sentimita 40 ndani ya mita 4, unapoteza sentimita 2, na umeona sentimita 1 inafanya nini. Inua tepu upande wa chini, ihakikishe kwa mpira wa maji, kisha ushushe alama kwa timazi.

*Ploti yangu ni 50 kwa 100. Nifuate ua pande zote mbili?*

Usifuate zote mbili. Bikoni zenyewe mara nyingi haziko skweya. Chagua upande mmoja, kwa kawaida wa barabara, uwe mstari wa A na B. Nyumba ikae skweya, pembe iliyobaki ibaki kwenye bustani.

*Nyumba yangu ina umbo la L. Mishazari napimaje?*

Chora kwanza mstatili mkubwa kabisa, uuthibitishe wote. Kisha ule mkia uuchore kama mstatili wa pili, ukitumia ukuta wa ule wa kwanza kama mstari wa kuanzia.

*Niko Ahero. Tulipima Ijumaa, mvua ikanyesha, Jumatatu vipimo vimebadilika.*

Kaka, udongo mweusi wa pamba huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na vigingi huondoka nao. Vipige virefu zaidi, na pima mishazari upya asubuhi ya kuchimba, kisha tena kwenye kamba kabla ya jiwe la kwanza.